Ukurasa umefungwa, faili liko nje

Tuseme mwalimu wa ushonaji mjini Morogoro ameanza kufundisha kwa mtandao. Ana tovuti yake aliyotengenezewa kwa WordPress, ana masomo 12, na kila somo lina maelezo, video na faili la PDF lenye vipimo na michoro ya kukatia kitambaa. Wanafunzi 60 wamelipa ada kwa simu, naye hataki masomo yasomwe na mtu asiyelipa. Basi anafungua kila ukurasa wa somo, anachagua `Password protected`, anaandika nywila moja na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Haimchukui hata nusu saa.

Asiye na nywila akifungua ukurasa ule anakutana na kisanduku kinachomtaka aiandike. Ukitazama kwa macho, mambo yako sawa. Tatizo ni kwamba lile faili la PDF halikai ndani ya ukurasa. WordPress huweka kila faili linalopakiwa kwenye folda moja iliyogawanywa kwa mwaka na mwezi, na ukurasa wa somo hubeba kiungo tu cha kwenda huko. Anwani ya faili huwa na sura hii:

```
https://example.com/wp-content/uploads/2025/03/somo-04-gauni.pdf
```

Ukiiandika anwani ya namna hiyo kwenye kivinjari, haulizwi chochote. Seva inapokea ombi, inakuta faili lipo, inalitoa. Ombi lenyewe halipiti kwenye WordPress, kwa hiyo kile kisanduku cha nywila hakipati hata nafasi ya kujitokeza. Mwanafunzi mmoja akikinakili kiungo na kumtumia dada yake, dada amepata somo la nne bure. Na kwa kuwa mwalimu ameyapanga mafaili yake kwa utaratibu mzuri, dada huyo akibadilisha 04 kuwa 05 na kubahatisha jina la vazi linalofuata, anaweza kulipata na la tano. Kiungo hicho kikibandikwa mahali pa wazi, mitambo ya kutafutia kama Google nayo hukiokota, na baada ya hapo mtu hahitaji kumjua mwanafunzi yeyote.

Kulijua hili hakuhitaji fundi. Ingia kama mwanafunzi, bonyeza faili la somo, nakili anwani inayotokea juu ya kivinjari. Kisha fungua dirisha la faragha, lile ambalo kivinjari hakikumbuki kuwa umeshaingia, au chukua simu ya mtu mwingine, na uibandike anwani hiyo. Faili likifunguka, eneo lako la wanachama halijafungwa. Umefunika maelezo tu. Ningemtaka mwalimu alifanye jaribio hili kabla hajamlipa mtengeneza tovuti senti ya mwisho, kwa sababu mafundi wengi humwonyesha mteja kisanduku cha kuingilia, mteja akafurahi, na swali la mafaili halikuulizwa na upande wowote.

Eneo la wanachama hufanya kazi tatu, na ni vizuri kuzitenganisha kichwani. Kwanza linamtambua anayeingia. Pili linaamua kama huyo ana haki ya kitu anachokiomba: amelipa, muda wake haujaisha, yuko kwenye kozi hii wala si ile ya wenzake. Tatu linamkabidhi kitu chenyewe, kwa njia ambayo haiwezi kuzungukwa. Kisanduku cha nywila ni kazi ya kwanza peke yake, tena kwa kiwango cha chini, maana nywila moja ya watu 60 haimtambui mtu yeyote. Mmoja akiacha kulipa huwezi kumtoa bila kubadilisha nywila ya wote. Hata kabla ya hapo, kivinjari cha aliyekwisha kuiandika huikumbuka kwa siku 10 bila kumuuliza tena.

Kazi ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Dawa yake ni kuyaweka mafaili mahali ambapo seva haiwezi kumpa mtu moja kwa moja, ili kila ombi lipite kwanza kwenye programu inayojua nani ameingia. Mfano mzuri ni Moodle, programu ya kufundishia iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2002 na leo inatumiwa na vyuo vingi, vikiwemo vya Afrika Mashariki. Anayeisakinisha huelekezwa kutenga folda iitwayo `moodledata`, na maelekezo yanasisitiza kwamba folda hiyo isiwe ndani ya eneo linalofikiwa kwa kivinjari. Mwanafunzi akiomba faili, ombi linakwenda kwenye programu ndogo iitwayo `pluginfile.php`. Hiyo inatazama kama ameingia na kama ameandikishwa kwenye kozi husika, ndipo inalisoma faili kutoka mafichoni na kumpa. Asiyeingia akibandika kiungo kilekile anapelekwa kwenye ukurasa wa kuingilia.

Mwalimu wetu hana ulazima wa kuhamia Moodle. WordPress nayo ina programu-jalizi za uanachama, na baadhi yake huyahamishia mafaili kwenye folda iliyozuiwa na kuyatoa kwa wenye haki tu. Baadhi, narudia. Nyingine hufunga kurasa na kuyaacha mafaili yalipokuwa. Mahali pengi folda huzuiwa kwa faili dogo liitwalo `.htaccess`, lenye mstari mmoja:

```
Require all denied
```

Mstari huo unaiambia seva isimpe mtu yeyote kitu kutoka folda ile, hata mwanachama; kuanzia hapo ni programu-jalizi pekee inayoweza kuchukua faili na kulikabidhi. Lakini mstari huu unaeleweka kwa seva za aina ya Apache. Tovuti ikiwa imewekwa kwenye Nginx, ambayo nayo ni ya kawaida sana, `.htaccess` haisomwi kabisa, na hakuna onyo linalotokea. Kila kitu kinaonekana kimewekwa sawasawa huku folda iko wazi. Ndiyo maana jaribio la dirisha la faragha halina mbadala: lirudiwe kila unapobadilisha programu-jalizi, na kila unapohamia kampuni nyingine ya kuhifadhi tovuti.

Video ina hadithi yake. Walimu wengi huziweka YouTube kwa hali ya `Unlisted` wakidhani zimefungwa. Hali hiyo huiondoa video kwenye utafutaji tu. Mwenye kiungo anaitazama bila kuulizwa. Kama video ndiyo mali hasa ya kozi, ni bora kulipia huduma inayoruhusu video ichezwe ndani ya tovuti yako pekee. Kama video ni za kawaida na mali ni masahihisho unayompa mwanafunzi kila wiki, basi `Unlisted` inatosha na pesa hiyo ifanye jambo jingine. Si kila kitu kinastahili kufungwa.

Kazi ya pili, ile ya kuamua nani ana haki ya nini, huharibika kimyakimya zaidi. Tuseme mwalimu ameongeza ukurasa wa cheti. Mwanafunzi akimaliza anabonyeza na kupelekwa kwenye anwani inayoishia na `cheti?id=41`. Mwanafunzi mdadisi anabadilisha 41 kuwa 42. Programu inauliza: huyu ameingia? Ndiyo, ameingia. Basi inampa cheti cha mwenzake, chenye jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Imethibitisha kuwa yeye ni mwanachama, haikuuliza kama cheti hicho ni chake.

Hili si kosa la wanagenzi peke yao. Mei 2019 mwandishi wa habari za usalama wa mitandao, Brian Krebs, aliandika kuhusu First American, kampuni kubwa ya Marekani ya bima ya hati za nyumba na ardhi. Nyaraka za wateja wake zilikuwa zimepewa namba zinazofuatana, na mtu mwenye kiungo cha waraka mmoja aliweza kubadilisha tarakimu na kusoma wa mtu mwingine bila hata kuingia. Nyaraka zilizokuwa zikifikiwa hivyo zilikadiriwa kuwa milioni 885, nyingine za tangu mwaka 2003, zenye namba za akaunti za benki na za hifadhi ya jamii. Kwa darasa la watu 60 madhara ni madogo, lakini jaribio ni lilelile: fungua akaunti mbili za majaribio, ingia kwa ya kwanza, na ujaribu kwa makusudi kufungua vitu vya ya pili. Usibadilishe namba kwa kuwalenga wanafunzi halisi.

Kuna tatizo jingine ambalo huja na nia njema. Tovuti ikiwa nzito, fundi huweka kache, yaani nakala ya ukurasa uliokwisha kuandaliwa, ili anayefuata apewe nakala hiyo upesi badala ya seva kuuandaa upya. Kwa ukurasa wa mbele wenye picha za magauni ni jambo zuri. Kwa ukurasa wa mwanachama ni hatari, maana nakala iliyoandaliwa kwa ajili ya mmoja inaweza kupewa mwingine. Tarehe 25 Desemba 2015, duka la michezo ya kompyuta la Steam lilikuwa likishambuliwa kwa maombi mengi kupita kiasi, na katika kujaribu kulihimili wimbi hilo yakawekwa mapangilio ya kache yenye kasoro. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi, watu walioingia kwenye akaunti zao walijikuta wakitazama kurasa za watu wengine, nyingine zikiwa na anwani za barua pepe na historia ya manunuzi. Kampuni ya Valve, mwenye duka, ilisema walioguswa ni kama 34,000. Hapakuwa na aliyeiba nywila.

Dalili yake hujulikana kwa urahisi. Mwanafunzi anakwambia: "Mwalimu, nikiingia naandikiwa ‘Karibu, Neema’, na mimi siye Neema." Ukisikia hivyo usimwambie ajaribu kuzima simu na kuiwasha. Zima kache kwanza, kisha mtafute fundi. Programu-jalizi nyingi za kache za WordPress huwaruka walioingia, lakini kache inayowekwa na kampuni ya kuhifadhi tovuti, au na huduma iliyo mbele ya tovuti, haijui hayo mpaka iambiwe. Kurasa zote za wanachama zitolewe kwenye orodha ya kache, na seva ituletee pamoja nazo agizo hili:

```
Cache-Control: private, no-store
```

Tuje sasa kwenye nywila zenyewe. Mwalimu akishaamua kumpa kila mwanafunzi akaunti yake, amejitwika mzigo ambao hakuwa nao. Watu wengi hutumia nywila moja kila mahali. Atakayeiba orodha ya nywila za darasa la ushonaji hana haja na vipimo vya gauni. Atazijaribu kwenye barua pepe za wanafunzi, na kutoka huko kwenye kila kitu kinachorejeshwa kwa barua pepe.

Kwa sababu hiyo tovuti iliyotengenezwa vizuri haihifadhi nywila. Inaipitisha kwenye hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma na kuhifadhi tokeo lake. Mwanafunzi akija kesho, nywila anayoiandika inapitishwa kwenye hesabu ileile na matokeo mawili yanalinganishwa. Hesabu nzuri imefanywa kuwa ya polepole kwa makusudi, ili mwizi wa orodha asiweze kubahatisha mamilioni ya nywila kwa sekunde. Moja ya hizo ni bcrypt, iliyotolewa mwaka 1999, na WordPress ilianza kuitumia katika toleo la 6.8 la mwaka 2025. Kampuni ya RockYou ya Marekani haikufanya hivyo. Mwaka 2009 mdukuzi alipoingia kwenye hifadhidata yake alikuta nywila zaidi ya milioni 32 zimeandikwa kama zilivyo, na orodha hiyo mpaka leo hutumiwa na wanaobahatisha nywila za watu.

Unaweza kuijua tovuti isiyojali. Bonyeza sehemu ya "nimesahau nywila". Ikikutumia nywila yako ya zamani, ina maana inaihifadhi, na hapo hapafai kukaa. Tovuti ya kawaida haiwezi kukutumia nywila ya zamani kwa kuwa yenyewe haiijui. Hukutumia kiungo cha kuweka mpya. Vivyo hivyo mwalimu asiwatungie wanafunzi nywila kwenye jedwali la Excel, ushonaji01, ushonaji02, na kuzigawa. Kila mmoja atumiwe kiungo, ajiwekee yake.

Kwenye kusahau nywila ndiko mwalimu atakakotumia muda mwingi, na vitabu vya ufundi havilisemi vya kutosha kwa mazingira yetu. Mfumo huchukulia kuwa kila mtu ana barua pepe anayoisoma. Wanafunzi kadhaa wa darasa hili watakuwa na barua pepe waliyofunguliwa na kijana wa duka la simu siku waliponunua simu, na hawakuigusa tena. Kurejesha kwa namba ya simu kunaonekana kuwa jibu, ila laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine, na meseji ya uthibitisho itamfikia mgeni huyo. Basi itakuja meseji ya namna hii, kutoka namba usiyoijua:

"Shikamoo mwalimu. Ni Mama Zuhura wa darasa la Jumanne, simu yangu imepotea na nywila sikumbuki. Naomba unitumie."

Pengine ni Mama Zuhura kweli. Mwalimu aitikie salamu, halafu asitume kitu. Apige namba iliyo kwenye fomu ya kujiandikisha. Ikiwa haipatikani, amuulize jambo ambalo ni mwanafunzi tu anayelijua, kama namba ya muamala wa ada au nguo aliyowasilisha wiki iliyopita. Akiridhika, abadilishe barua pepe kwenye akaunti na kumtumia kiungo cha kuweka nywila mpya. Utaratibu huu uandikwe kwenye karatasi, kwa sababu siku mwalimu atakapokuwa safarini msaidizi wake ndiye atakayepokea meseji hiyo.

Kuhusu wanafunzi kuazimana akaunti, niseme wazi kwamba hakuna ufundi unaolimaliza. Programu nyingine hukataa akaunti moja kutumika kwenye vifaa viwili kwa wakati mmoja. Hiyo husaidia, lakini pia humsumbua mwanafunzi halali anayesoma kwa simu na kufungua mchoro kwenye kompyuta ya ofisini. Kuandika jina la mwanafunzi pembezoni mwa kila ukurasa wa PDF huwatia watu aibu ya kusambaza, na mara nyingi aibu inatosha. Ila mtu akitaka kupiga picha kioo cha simu yake, atapiga. Mwalimu anayetegemea mchoro kubaki siri atasikitika. Anayetegemea masahihisho yake ya kila wiki hana cha kuogopa.

Akaunti ya kulindwa kuliko zote ni ya mwalimu mwenyewe. Ukurasa wa `wp-login.php` unajulikana dunia nzima, na mitambo ya kubahatisha huugonga mchana na usiku hata kwa tovuti isiyojulikana na mtu. Mwanafunzi akiibiwa akaunti amepoteza masomo yake. Mwalimu akiibiwa, orodha nzima imekwenda. Awe na nywila asiyoitumia kwingine pamoja na tarakimu za uthibitisho zinazobadilika kwenye simu yake, na kikomo cha kukosea kiwekwe. Fundi akimaliza kazi, akaunti yake ya usimamizi iondolewe. Pia folda za tovuti zikaguliwe, kwani mafundi hupenda kuacha humo nakala nzima ya tovuti yenye jina kama `backup.zip`, na hiyo hupakuliwa kwa njia ileile tuliyoanza nayo.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Kenya inayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inamtaka mwenye taarifa kumjulisha kamishna ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji unaoweza kuwadhuru watu. Sheria hizi hazizitazami benki na kampuni za simu tu. Mwalimu anayehifadhi majina, namba za simu na kumbukumbu za malipo anahifadhi taarifa binafsi, na klabu inayoweka picha na tarehe za kuzaliwa za watoto inahifadhi nyeti zaidi. Njia rahisi ya kupunguza mzigo ni kutoomba usichokihitaji. Kozi ya ushonaji inahitaji jina, njia ya kumpata mtu, na uthibitisho wa malipo. Namba ya kitambulisho cha taifa haina kazi pale.

Kozi ikiisha, akaunti zifungwe kwa tarehe iliyotangazwa tangu mwanzo, na taarifa za waliomaliza zifutwe isipokuwa zile za vyeti na hesabu za fedha. Mwalimu akishafuta kwenye tovuti akumbuke kuwa kampuni ya kuhifadhi huchukua nakala za akiba, na pengine yeye mwenyewe anayo moja kwenye kompyuta yake: orodha aliyoifuta Januari bado imo kwenye nakala ya Desemba, mpaka nayo ifutwe.